Kiini cheupe, kiini cha njano: kuku alikula nini?

Trei sita zilirudi. Kijana anayekaanga chipsi karibu na kituo cha mabasi alizirudisha kwa bodaboda asubuhi na mapema, na ujumbe kwenye simu ya mama anayemuuzia mayai: "Mama, mayai yako siku hizi meupe. Wateja wanasema zege halina rangi, wanadhani naongeza maji."

Mama huyo anafuga kuku 200 wa mayai nje kidogo ya mji wa Kibaha. Nilimkuta amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mlangoni pa banda, trei zimepangwa miguuni pake. Baada ya salamu alichukua yai moja akalipasua kwenye sahani nyeupe. Lilikuwa yai zuri. Ute ulikuwa mzito, umekusanyika. Kiini kimeinuka kama nusu ya mpira, hakikutandaa. Lakini rangi yake ilikuwa ya siagi iliyopauka, karibu na malai.

"Kuku ni walewale," aliniambia. "Chanjo ileile, maji yaleyale, banda lilelile. Sasa mayai yameharibikaje?"

Nilimuuliza amebadilisha nini kwenye chakula. Alifikiri kidogo. Mahindi ya njano aliyozoea kuyapata kwa mfanyabiashara mmoja yalikuwa yameadimika, akanunua meupe ya kawaida, akayaparaza, akaongezea pumba. Mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa na premiksi havikuguswa. Kisa chote kilikuwa hapo. Mayai hayakuharibika hata kidogo, ila rangi ilikuwa imeondolewa kwenye sahani ya kuku.

Njano ya kiini haitengenezwi na kuku. Mwili wake hauna uwezo huo, kama usivyo nao mwili wako wala wangu. Rangi hiyo hutengenezwa na mimea, nayo huitwa karotenoidi. Ziko za aina nyingi, lakini mbili ndizo zinazofanya kazi kubwa kwenye yai la kawaida: luteini na zeaksanthini. Zimo kwenye majani yote mabichi, ingawa huzioni kwa sababu kijani kimezifunika, na zimo kwenye punje ya mahindi ya njano. Kuku akizila, huyeyuka pamoja na mafuta tumboni, huingia kwenye damu, na sehemu yake huishia kwenye mafuta ya kiini. Mahindi meupe karibu hayana kitu hicho. Pumba yake hali kadhalika. Mtama mweupe, ngano na chenga za mchele navyo haviongezi rangi ya maana.

Wafugaji wa zamani walilijua jambo hili kwa macho kabla ya maabara kulisema. Kuku wa jamii yenye miguu ya njano anapoanza kutaga, miguu yake huanza kupauka, kwa sababu rangi iliyokuwa ikienda kwenye ngozi sasa inaelekezwa kwenye mayai. Ndiyo maana mnunuzi mjuzi anayetaka kuku mtagaji huangalia mdomo na miguu: aliyepauka ametaga sana, na mwenye miguu inayong'aa njano katikati ya msimu wa kutaga pengine anakula bure tu.

Hesabu yake si ngumu. Kilo moja ya mahindi ya njano huwa na takribani miligramu 20 za rangi hiyo. Kama nusu ya chakula ni mahindi ya njano, basi kila kilo ya chakula kilichochanganywa ina miligramu 10 hivi. Kuku wa mayai hula gramu 110 hadi 120 kwa siku, kwa hiyo anapata kama miligramu moja na ushei. Si yote inayofika kwenye yai. Sehemu kubwa hupotea njiani, na inayowekwa kwenye kiini ni robo au pungufu ya hapo. Kwa hiyo njano yote unayoiona ukipasua yai inatokana na chembe isiyofika hata nusu ya miligramu. Mama wa Kibaha alipoondoa mahindi ya njano, aliondoa chanzo pekee cha rangi alichokuwa nacho, maana kuku wake wamefungiwa ndani na hawaoni jani.

Nilimuuliza ni lini aliona mabadiliko. Akasema hakuyaona, mteja ndiye aliyeyaona, kama wiki mbili baada ya mahindi kubadilika. Hilo nalo lina sababu yake. Kiini hakijazwi siku moja. Kinakaa kwenye ovari kwa muda mrefu kikiwa kidogo sana, kisha katika siku kama 10 za mwisho kabla ya yai kutoka hukua haraka, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Watafiti wa mwanzoni mwa karne ya 20 waliwahi kuwapa kuku rangi ya kemikali siku moja moja kisha wakachemsha mayai na kuyakata, wakakuta duara za rangi ndani ya kiini, kila duara na siku yake. Kwa hiyo ukibadilisha chakula leo, dalili ya kwanza huonekana kwenye siku ya tatu, na rangi mpya hutulia baada ya siku 10 hadi 12. Mfugaji anayepasua mayai ya kesho yake na kusema "chakula hiki hakifai" hakuupa mwili wa kuku nafasi.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kuna jambo katika historia yetu linalonigusa kila nikifikiria rangi ya mayai. Sisi tumeyakataa mahindi ya njano. Wazee wanaokumbuka miaka ya uhaba ya 1970 na 1980 wanakumbuka unga wa njano wa msaada, ule uliobandikwa jina "unga wa Yanga" kwa sababu ya jezi za klabu hiyo. Ugali wake uliliwa kwa sababu hapakuwa na mwingine, na kumbukumbu ya njaa ikashikamana na rangi. Wakulima wakaendelea kupanda mahindi meupe, mashine zikasaga meupe, na pumba inayofika kwenye banda la kuku ni ya meupe. Kisha tunaingia sokoni, tunapasua yai na kuulizana njano imekwenda wapi. Njano tuliikataa shambani, nasi ndio tunaoidai kwenye kikaango.

Sasa tufike kwenye swali ambalo mteja wa chipsi hakuliuliza ila alikuwa nalo moyoni, na ambalo kila mzazi anayenunua yai la mtoto analo: je, kiini kilichokolea kina lishe zaidi?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Tuchukue mayai mawili ya mama huyu, moja la mwezi uliopita na moja la leo. Yote yana protini ya gramu 6 hivi, kwa sababu protini ya yai hubadilika kidogo sana. Kuku akikosa protini hupunguza idadi na ukubwa wa mayai kabla ya kupunguza ubora wake. Mafuta ni yaleyale, madini ya chuma yaleyale, vitamini B12 ileile.

Vitamini A ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa sababu tumefundishwa kwamba njano ya karoti na ya boga ni vitamini A. Kwenye mmea ni kweli, ile rangi ya betakarotini mwili huigeuza kuwa vitamini hiyo. Lakini kuku naye huigeuza. Akila karoti, sehemu kubwa ya betakarotini hugeuzwa ndani ya utumbo wake kuwa vitamini A, na vitamini A yenyewe, kwa kiasi kinachokuwa kwenye yai, huwezi kuiona kwa macho. Ndiyo maana wafugaji wanaowalisha kuku karoti ili kupata kiini cha njano huambulia rangi kidogo kuliko walivyotarajia. Na luteini, ile inayokipa kiini rangi kweli, haigeuki kuwa vitamini A hata kidogo. Kwa hiyo yai la kuku aliyefungiwa, anayekula mahindi meupe na premiksi nzuri, linaweza kuwa na kiini cha rangi ya malai na vitamini A ya kutosha, na yai la njano kali la kuku asiyepata premiksi wala majani ya kutosha likawa na pungufu.

Vitamini D ni hivyohivyo. Huja na jua analoota kuku au na premiksi, wala haina rangi. Mafuta ya omega 3 huja na mbegu za kitani, dagaa, nyasi na wadudu, nayo hayana rangi. Ukiliangalia yai, vitu hivi vyote vimejificha.

Kuna haki moja ambayo lazima tuipe njano. Luteini na zeaksanthini si urembo mtupu. Ndizo rangi zilizojikusanya katikati ya retina ya jicho la binadamu, pale tunapoonea vitu vidogo kama maandishi haya, na zilizomo kwenye yai hufyonzwa vizuri kwa sababu zimo ndani ya mafuta. Kiini kilichokolea kwa sababu ya majani au mahindi ya njano kinakupa zaidi ya hizo. Lakini pima kiasi. Yai la kawaida lina robo ya miligramu hivi. Gramu 100 za spinachi iliyopikwa zina zaidi ya miligramu 10. Hata tukikubali kwamba mwili unaifyonza ya yai kwa wepesi zaidi, mboga bado iko mbele sana.

Na hata haki hiyo ndogo inategemea rangi imetoka wapi. Njano peke yake haiwezi kukifanya kiini kiwe cha chungwa. Ukiongeza majani na mahindi ya njano, rangi hupanda mpaka mahali fulani kisha husimama. Kuisogeza kuelekea chungwa lazima uongeze kidogo cha nyekundu. Viwanda vya chakula cha mifugo duniani hufanya kazi kwa hatua hizo mbili. Kwanza huweka msingi wa njano, mara nyingi kwa unga wa maua ya meksiko, yaani yale maua ya bustani ya chungwa na njano, ambao una rangi mamia ya mara kuliko mahindi. Kisha huongeza miligramu chache za nyekundu kwa kila kilo: ya asili kutoka pilipili nyekundu, au ya kutengenezwa kiwandani, iitwayo kanthaksanthini. Kupima matokeo, kuna feni ya vipande vya rangi iliyobuniwa na kampuni ya Roche ya Uswisi, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na namba kuanzia 1, njano mpauko, hadi 15, chungwa kali. Mnunuzi mkubwa wa mayai Ujerumani au Japani huagiza namba, na mtengeneza chakula huichanganya namba hiyo kama fundi rangi anavyochanganya rangi ya ukuta. Kiini cha namba 13 kwenye yai la kuku wa kizimba si ushahidi kwamba aliwahi kukanyaga nyasi.

Nyekundu hizo hazikuongezei luteini. Kanthaksanthini, ikizidi, ina hasara yake: watu waliokuwa wakimeza vidonge vyake ili ngozi ipate rangi ya jua walikutwa na chembe zilizoganda kwenye retina, na Umoja wa Ulaya mwaka 2003 ukaweka kikomo cha miligramu 8 kwa kila kilo ya chakula cha kuku wa mayai. Na kuna waliovuka mipaka yote. Mwaka 2006 televisheni ya taifa ya China ilionyesha wafugaji wa bata katika mkoa wa Hebei waliokuwa wakichanganya kwenye chakula rangi iitwayo Sudan IV, inayotumika viwandani na kukatazwa kwenye vyakula, ili wapate viini vyekundu. Wateja waliyalipia zaidi mayai hayo wakiamini ni ya bata wanaokula samaki na konokono wa ziwani. Kiini kilichokolea kuliko vyote sokoni ndicho kilichokuwa na sumu.

"Lakini ya kienyeji?" aliniuliza mama. "Watu wanayalipia zaidi kwa kiini chake."

Kuku anayezurura kwenye majani na jua mara nyingi hutaga yai lenye vitamini D, vitamini E na omega 3 zaidi, na yai hilo huwa pia la njano. Faida imetoka kwenye nyasi, wadudu na jua, na rangi imetoka kwenye nyasi hizohizo. Vimesafiri pamoja, basi. Nenda kijijini wakati wa kiangazi, majani yakiwa yamekauka na kuku wanaokota pumba na makombo ya ugali, upasue yai la kienyeji halisi. Utakuta limepauka kama la mama wa Kibaha. Na upande wa pili, mfanyabiashara akiwapa kuku wa kisasa chakula chenye rangi, ataweza kuyauza mayai yao kama ya kienyeji kwa mtu anayeamini macho peke yake.

Kuna wakati ambapo rangi inasema jambo zito, nalo linamhusu mfugaji kuliko mlaji. Kama chakula hakijabadilika na viini vimepauka ghafla, hasa banda moja na si lingine, huenda kuna ugonjwa. Vijidudu vya koksidia, vile vinavyoleta kuhara damu, huumiza ukuta wa utumbo ambao rangi na mafuta hupitia. Minyoo hufanya hivyo pia, na sumu ya ukungu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hufanya hivyo. Mama akiona hivyo, asikimbilie rangi; aangalie kinyesi, aangalie mahindi, amwite mtaalamu wa mifugo.

Na kwa wafugaji wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza, ambako mashudu ya pamba ni rahisi, kuna rangi nyingine ya kuogopa. Mashudu hayo yana sumu iitwayo gosipoli, inayoungana na madini ya chuma ya kiini na kukigeuza kiwe cha kijani cha zeituni au kahawia. Jambo baya ni kwamba yai linaweza kutoka bandani likiwa zuri, kisha likabadilika baada ya wiki kadhaa za kuhifadhiwa. Mafuta yaliyobaki kwenye mashudu hayo hugeuza ute kuwa wa waridi. Mteja anapasua yai nyumbani, analitupa, na harudi.

Mama wa Kibaha hakuwa na shida hizo. Alihitaji rangi, na alihitaji kwa bei anayoiweza. Kuku 200 hula kilo 23 hivi kwa siku. Tulikubaliana ajaribu unga wa majani kwa asilimia 5, yaani kilo moja na ushei kwa siku. Ana milonge minne uani na lukina kwenye uzio. Kilo moja ya majani makavu hutokana na kilo nne hadi tano za mabichi, kwa hiyo kila siku alikuwa akikata kama kilo tano hadi sita. Nilimsihi mambo mawili. La kwanza, akaushe kivulini na si juani, kwa sababu jua huichoma rangi ileile anayoitafuta. Majani yawe yanavunjika mkononi lakini bado ya kijani, na yakigeuka kahawia ajue kazi imeharibika. Ayasage, ayahifadhi kwenye gunia lisilopitisha mwanga, na asiweke akiba ya zaidi ya wiki chache. La pili, lukina isiwe nyingi. Ina kemikali ya mimosini inayodhoofisha kuku na kupunguza utagaji, ndiyo maana tuliweka mlonge kwa wingi na lukina kidogo.

Kwa nyekundu, alipata pilipili zilizoiva kupita kiasi, zile ambazo wauzaji huzitupa jioni. Alizikausha kivulini na kuzisaga, akaweka ngumi moja kwenye mchanganyiko wa siku. Aliogopa kwamba kuku wataumia na ukali. Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi; walikula bila hata kutingisha kichwa.

Siku ya nne tulipasua yai kwenye sahani ileile nyeupe, mchana, mbali na kivuli cha bati. Njano ilikuwa imeanza kurudi. Siku ya 12 ilikuwa imekolea kama mahindi ya kuchoma yaliyoshika moto vizuri, na trei sita zikapanda bodaboda tena kuelekea kituo cha mabasi. Idadi ya mayai ya kila siku haikupungua.

Alipokuwa akifunga trei, mjukuu wake wa miaka mitatu alikuwa amekaa mlangoni anakula yai la kuchemsha, moja la yale ya malai yaliyokataliwa, pamoja na mchicha. Bibi aliniuliza kama ayatupe yale yaliyobaki au ampikie mtoto. Nilimwambia ampikie yote.

Na wewe unayekwenda sokoni leo, usimwambie muuzaji apasue yai ili uone rangi. Muulize lilitagwa siku gani, na kuku wake wanakula nini.